Kahawia Juu Hadi Chini

Mtu anayetaka kuvaa rangi moja mwili mzima kwa kawaida huanza kwa kutafuta vipande vinavyofanana, na hapo ndipo anapojiharibia. Anaingia Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, suruali yake ya kahawia iko mkononi, anailinganisha na blauzi moja baada ya nyingine mpaka muuzaji anamwapia: "Dada, hii na hiyo yako ni ileile, chukua." Chini ya taa ya duka ni kweli ni ileile. Kesho yake akitoka juani, suruali inaonekana nyekundunyekundu, blauzi inavuta kwenye manjano, na kila anayemtazama anaona mtu aliyekusudia kuvaa suti akakosa kipande cha pili.

Jicho la binadamu lina ukali wa ajabu kwenye tofauti ndogo. Rangi mbili zilizo mbali huzichukulia kuwa ni uamuzi wa mvaaji. Rangi mbili zinazokaribiana bila kufikiana huzichukulia kuwa ni bahati mbaya. Kwa hiyo katika mavazi ya rangi moja kuna njia mbili tu zilizo salama: vipande viwe vimekatwa kwenye jora moja, au viachane waziwazi kiasi kwamba hakuna atakayedhani ulitaka vifanane. Njia ya kwanza ndiyo suti. Ya pili ndiyo ninayotaka kuizungumzia, na nimechagua ukoo wa kahawia kwa sababu ni mpana kuliko watu wanavyodhani, unapatikana kila mahali kuanzia mitumba hadi dukani, na unaonyesha makosa haraka kuliko rangi nyingine yoyote ukiacha nyeusi.

Tuseme kwanza kahawia ni nini. Ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza. Ukichukua rangi ya chungwa ukaipunguzia mwanga kidogokidogo unapata karanga, kisha udongo wa tofali, kisha kahawa, mwisho chokoleti ambayo jioni inakaribia kuwa nyeusi. Ukiipeleka upande wa mwanga huku ukiipausha, unapata ugoro, mchanga, chai ya maziwa, hadi maziwa yenyewe. Hiyo ni ngazi ndefu, na ndiyo inayofanya kazi yote. Vazi zuri la rangi moja huchukua vidato vitatu vya ngazi hiyo, kimoja cha giza, kimoja cha kati, kimoja cha mwanga, na huruka vilivyo katikati yake.

Lakini ngazi ina upande wake pia. Kuna kahawia zinazoegemea wekundu, kama ile ya tofali au ya mti wa mninga. Kuna zinazoegemea manjano, kama asali na ugoro. Kuna zinazoegemea kijani, na hapa kaki nyingi za suruali za kadeti ndipo zilipo. Halafu kuna zile baridi, zilizochanganyika na kijivu, ambazo zinapatikana sana kwenye makoti ya mitumba kutoka nchi za baridi. Mtu anaweza kupangilia giza na mwanga vizuri kabisa na bado vazi likagoma, kwa sababu suruali inaegemea kijani na koti linaegemea wekundu. Peke yake kila kimoja ni kahawia. Vikiwekwa pamoja, kimoja kinamfanya mwenzake aonekane mgonjwa.

Jambo hili liliwahi kuleta malalamiko makubwa Paris, kwenye karakana ya kifalme ya mazulia ya ukutani ya Gobelins. Mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia rangi mwaka 1824, na miongoni mwa kero alizozikuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilidaiwa kuwa hafifu zikifumwa katika vivuli vya mapindo ya nguo za bluu na za zambarau. Alipozichunguza aliona nyeusi yenyewe haina kasoro. Kilichoiharibu ni jirani yake: rangi mbili zikipakana, kila moja huisukuma nyenzake upande ulio kinyume na wake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinene juu ya jambo hilo, na wachoraji walikisoma kwa miaka mingi baadaye. Kwetu sisi tunaovaa maana yake ni hii: usihukumu kipande peke yake. Kahawia yenye wekundu kidogo, ambayo ikiwa imetundikwa huoni wekundu wowote, itaiva kama tofali ukiigusisha na kaki.

Njia ya kuligundua hilo kabla ya kulipa ni rahisi. Toka na nguo mlangoni, mahali penye mwanga wa mchana lakini si jua la kuchoma, uiweke juu ya karatasi nyeupe pamoja na kile ulicho nacho. Weupe wa karatasi hulipa jicho kipimo, na mara moja utaona nani anavuta wapi. Muuzaji asiyekuruhusu kutoka na nguo hadi mlangoni ana sababu yake, na mimi huwa simlaumu, ila pia huwa sinunui kwake. Taa za dukani haziaminiki kwa sababu nguo mbili zilizotiwa dawa tofauti zinaweza kulingana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Pamba na poliesta hazipokei rangi kwa njia moja. Dawa nyingi za pamba hushikamana na uzi kwenye maji, wakati dawa ya poliesta huingizwa ndani ya uzi kwa joto kali, mara nyingi karibu nyuzi 130 za Selsiasi. Hata kiwanda kikikusudia kahawia moja, blauzi ya poliesta na sketi ya pamba zitakuwa zimetoka kwenye vyungu viwili. Ndiyo maana kutafuta kufanana baina ya vitambaa viwili vya aina tofauti ni kazi isiyo na malipo.

Kwa upande wa giza na mwanga, simu inatosha. Tandika nguo zote kitandani jinsi zitakavyokaa mwilini, piga picha, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi imeondoka, kimebaki kiasi cha mwanga tu. Kama suruali na blauzi zimeungana zikawa kijivu kimoja, umechagua kidato kimoja mara mbili. Kama kila kipande kinasimama peke yake, ngazi yako imekaa sawa. Jaribio hili huwashangaza watu, maana nguo mbili wanazozijua kuwa ni tofauti, kwa mfano tofali na kaki, mara nyingi kwenye picha hutoka zikiwa kitu kimoja.

Kuungana huko si lazima kuwe kosa, mradi uso wa kitambaa ufanye kazi ambayo rangi haikuifanya. Watu wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Tazama kanzu ya rangi ya maziwa yenye darizi ya uzi wa rangi hiyohiyo shingoni na kifuani, na juu yake kofia ya viua, iliyojaa vitundu vidogovidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Hakuna rangi ya pili hapo. Kuna kitambaa laini kinachoanguka, kuna uzi uliovimba juu yake, kuna vitundu vinavyoshika kivuli, na kutoka mbali unaona maziwa matatu. Buibui la kisasa, lile linalovaliwa Mombasa, Zanzibar na Maskati, linakwenda mbali zaidi: nyeusi juu ya nyeusi, kitambaa kisichong'aa mwilini, ukanda wa satini mikononi, lesi au shanga nyeusi pembeni. Ukiondoa tofauti ya nyuso hizo, inabaki shuka jeusi.

Kinachotokea ni suala la mwanga. Satini imefumwa nyuzi zake zikiruka juu ya nyingine kwa umbali mrefu, kwa hiyo uso wake ni tambarare na unarudisha mwanga kwa pamoja, ukimeta palipokunjika. Kitani kina nyuzi zenye vinundu na unene usio sawa, kwa hiyo mwanga hutawanyika na rangi hutulia. Mahameli na kodrai zina manyoya yaliyosimama ambayo humeza mwanga, na ndiyo maana kahawia ileile ikiwa kwenye kodrai huonekana nzito kuliko ikiwa kwenye pamba ya kawaida. Jinzi ina nyuzi za rangi zilizopishana na nyeupe. Sweta lina vishimo. Ngozi iliyopigwa kiwi ina mng'ao, na ngozi ile ya manyoyamanyoya haina hata kidogo. Kila badiliko la uso ni nusu ya kidato kwenye ngazi, bila kugusa rangi.

Sasa tuvae. Chukua mwanamke anayefanya kazi ofisini Dar es Salaam, ngozi yake maji ya kunde, siku yenyewe ina kikao asubuhi na chakula na marafiki jioni. Giza tunaliweka chini: suruali pana ya chokoleti, kitambaa cha suti kisichong'aa, chenye uzito wa kuanguka vizuri hadi kwenye kisigino. Suruali ya namna hiyo huchukua karibu nusu ya vazi, na kwa sababu ni nzito kwa rangi, inatia nanga sehemu ya chini. Mwanga tunauweka juu: blauzi ya satini ya rangi ya maziwa yenye tone la kahawa, iliyoingizwa ndani ya suruali. Kidato cha kati ni koti jepesi la kitani, rangi ya ugoro, lenye kufika chini kidogo ya kiuno, lisilofungwa.

Kwa nini cha kati kiwe koti na si blauzi? Kwa sababu ya jasho. Rangi za katikati ya ngazi, ugoro na chai ya maziwa, ndizo zinazoonyesha doa la maji kuliko zote: kitambaa kikilowa huwa cheusi zaidi, na pale katikati weusi huo una nafasi ya kuonekana. Chokoleti tayari ni ya giza, na maziwa mara nyingi hubadilika kidogo tu. Mtu wa Mbeya au Limuru anaweza kupuuza aya hii. Wa Dar au Mombasa, ambaye atasubiri daladala au matatu saa sita mchana, asiipuuze. Na blauzi hiyo, hata ikiwa ya rangi salama, isiwe ya kubana kwapani, maana satini ya poliesta hainyonyi jasho.

Kuna sababu ya pili. Blauzi ndiyo iliyo karibu na uso, na kidato cha kati kwenye ukoo wa kahawia ndicho kinachokaribia ngozi zetu wengi. Kitambaa kinachokaribiana na ngozi ya mvaaji hufuta mpaka wa shingo. Kwa mbali mtu huonekana kama hakuvaa kitu kifuani, na kwenye picha uso wake hupoteza uhai. Huo nao ni ule mkaribiano wa rangi tuliouanza, ila safari hii kipande kimojawapo ni wewe mwenyewe. Mwenye ngozi nyeusi ya kukolea anaweza kuvaa ugoro shingoni na akapendeza sana, lakini chokoleti ndiyo itakayompa shida. Mweupe wa rangi atapata shida yake kwenye mchanga na karanga. Kipimo ni kuiweka nguo chini ya kidevu mbele ya kioo kilicho karibu na dirisha, si kuilaza mkononi, maana mkono unaopigwa na jua kila siku una rangi yake.

Tunaendelea na miguu na mkono. Hapa ngozi halisi inasaidia kwa sababu huwa na kidato chake yenyewe, kati ya karanga na kahawa, na hakuna anayetegemea ifanane na nguo. Makubadhi ya ngozi ya asili yanafaa kwa kazi na kwa jioni. Mkoba nisingeuchukua wa ngozi tena. Mkoba wa ukili, wa ukindu usiotiwa rangi, unaleta uso wa nne ambao haupo popote kwenye vazi, mkavu na wenye mistari ya msuko, na rangi yake inakaa jirani na ugoro bila kugombana. Mkanda ukivaliwa uwe wa chokoleti kama suruali, usimkate mtu vipande viwili. Bangili ya shaba au ya mti inatosha. Fedha inayong'aa ni baridi kwa ukoo huu uliochaguliwa, wenye kuegemea manjano; ingefaa kama tungechagua kahawia za kijivu.

Angalia vitu vidogo ambavyo fundi au kiwanda viliamua bila kukuuliza. Koti la ugoro lenye vifungo vyeupe vya plastiki linatangaza vifungo vyake kabla ya kitu kingine. Badilisha, weka vya mti au vya pembe, ni kazi ya dakika chache na shilingi chache. Uzi wa mshono wa juu nao, ukiwa mweupe au mweusi, huchora mistari ambayo hukuikusudia.

Kwa mwanamume mpango ni uleule ukiwa na vipande vingine: suruali ya kadeti ya ugoro, shati la kitani la rangi ya maziwa, viatu vya ngozi vya kahawa iliyoiva na mkanda wake, na jioni ya baridi sweta la chokoleti mabegani. Giza limepungua, limekwenda miguuni na juu, na mwanga umechukua sehemu kubwa. Hakuna ubaya. Kisichofaa ni theluthi tatu zilizo sawasawa, maana jicho halijui lianzie wapi. Kidato kimoja lazima kitawale. Na soksi zifuate suruali au viatu. Soksi nyeupe hapa ni mbaya kuliko popote, kwa sababu hakuna rangi nyingine ya kuzificha.

Ukiamua kushona badala ya kununua, kuna jambo moja la kumkumbusha fundi, na mafundi wazuri hawatachukia. Kodrai, mahameli na kwa kiasi fulani satini vina mwelekeo. Pitisha kiganja kwenye kodrai kutoka juu kwenda chini, kisha kinyume chake: upande mmoja ni laini, mwingine unakataa. Manyoya yakielekea juu rangi huonekana imekolea, yakielekea chini hupauka. Fundi anayebana kitambaa atalaza mguu mmoja wa suruali kichwa juu na mwingine kichwa chini ili apunguze mabaki, na utapewa suruali yenye miguu ya rangi mbili iliyotoka jora moja. Kwenye meza yake haionekani. Inaonekana ukisimama. Kwa hiyo vipande vyote vikatwe kuelekea upande mmoja, na ununue ziada: kama suruali yako kwa kawaida inataka mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kwa kodrai ongeza angalau robo mita. Na ikiwa unashona koti na sketi za kitambaa kimoja, vinunue siku moja, kwenye jora moja. Majora mawili yenye namba ileile ya rangi yanaweza kuwa yametoka kwenye mitio miwili tofauti, na hapo unarudi kwenye ile kahawia inayokaribia bila kufika.

Kufua ndiko kunakoharibu mpango uliokuwa umekamilika. Kahawia ya kiwandani kwa kawaida ni mchanganyiko wa dawa kadhaa, na dawa hizo hazichoki kwa kasi moja. Ya bluu ikitangulia kuondoka, suruali ya chokoleti inaanza kuwa nyekundu. Nyekundu ikitangulia, inageuka ukijani wa matope. Vazi lililolingana mwezi wa kwanza linaweza kugombana mwaka ukiisha bila ya wewe kubadilisha kitu. Vipande viwili vya kitambaa kimoja vifuliwe pamoja kila mara, hata kama kimoja hakijachafuka, ili vichakae pamoja. Vya giza vigeuzwe nje ndani na kuanikwa kivulini. Ukiona suruali imeshahama upande, ipige tena picha na uiweke tena kwenye karatasi nyeupe pamoja na koti. Pengine haifai tena kwa koti lile la ugoro, lakini itakaa vizuri na kitu cha rangi ya tofali ambacho mwaka jana kiligoma nayo.